Video za harusi kutoka simu hadi diski ya nje: USB-C, exFAT na ile faili moja inayokataa

Picha mia kadhaa zimepita bila tabu, halafu inakuja video moja inagoma. Simu inaandika kwamba nafasi haitoshi, ilhali diski ina GB 600 tupu. Ukijaribu tena, inakatikia pale pale. Ukibadilisha waya, vilevile. Watu wengi hapo hulaumu simu au huanza kuitukana adapta waliyonunua Biashara Street, na kumbe waya na simu havina kosa. Kilichokataa ni namna diski yenyewe ilivyofomatiwa.

Kazi yangu ni kukusanya na kuhariri video za harusi hapa Mombasa, na siku hizi nusu ya kile ninacholetewa kimepigwa kwa simu za wanafamilia. Nitaeleza njia nzima nikifuata kisa kimoja cha kupamba kilichofanyika Kibokoni. Simu ilikuwa ya Android ya bei ya kati, yenye mzigo wa GB 61 wa kuhamishwa, na ndani yake mlikuwa na faili moja ya GB 6.8. Diski ilikuwa ya TB 1, ile iliyokuwa ikikaa nyuma ya televisheni ya sebuleni ikiwa imejaa filamu na mawaidha.

Kwanza, kwa nini ile moja ikatae

Kila diski ina daftari lake la ndani linaloandika jina la kila faili, ukubwa wake na mahali ilipo. Mpangilio wa daftari hilo ndio unaoitwa mfumo wa faili, na unawekwa siku diski inapofomatiwa. Diski nyingi za televisheni na dekoda zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo uliotoka mwaka 1996. Katika FAT32, nafasi iliyotengwa ya kuandika ukubwa wa faili ni biti 32 tu, na namba kubwa kabisa inayoingia hapo ni baiti 4,294,967,295. Hiyo ndiyo GB 4 inayosemwa. Faili ikizidi hapo hata kwa baiti moja, daftari halina pa kuiandika, hata diski iwe tupu kiasi gani.

Mwaka 1996 hakuna aliyewaza kwamba mtu angebeba faili ya namna hiyo mfukoni. Leo simu ikirekodi 4K kwa picha 30 kwa sekunde inaweza kula karibu MB 360 kila dakika. Fanya hesabu: GB 4 zinajaa kabla ya dakika 12 kuisha. Anayerekodi bi harusi akiingia, akitunzwa, wifi zake wakicheza, bila kugusa kitufe cha kusimamisha, anavuka mpaka huo bila kujua. Ile faili ya GB 6.8 ilikuwa ni dakika 19 za mfululizo. Picha zilizopita zilikuwa na MB 3 au 4 kila moja, kwa hiyo hazikuwa na sababu ya kukataliwa.

Ujumbe wa "nafasi haitoshi" ni uongo wa simu, au tuseme ni uvivu wa aliyeandika programu. Dalili ya kweli ni hii: faili ndogo zinapita, kubwa hazipiti, na kila inayokataa ina zaidi ya GB 4. Ukiona hivyo, acha kubadilisha waya.

Ziko njia mbili za kutoka FAT32. NTFS ndiyo mfumo wa kawaida wa Windows, na haina mpaka huo wa GB 4, lakini simu nyingi za Android haziisomi kabisa. Zitakwambia diski haitambuliki na kukuomba uifomati. Baadhi husoma bila kukubali kuandika, na iPhone haimo kabisa miongoni mwa zinazoandika NTFS. Ukinunua diski mpya dukani, kuna uwezekano mkubwa imekuja na NTFS, ndiyo maana diski mpya kabisa inaweza kukataliwa na simu mpya kabisa.

Njia ya pili ni exFAT, ambayo Microsoft waliitoa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kumbukumbu hasa. Ukubwa wa faili ndani yake unaandikwa kwa biti 64, kwa hiyo hutarekodi harusi itakayoujaza. Windows inaiandika, Mac inaiandika, iPhone inaiandika, na simu nyingi za Android za sasa pia. Kwa diski itakayotoka kwenye simu ya shangazi, ipite kwenye laptopu yangu, kisha imalizikie kwa kaka aliye na Mac, sijaona mfumo mwingine unaofaa.

Tahadhari mbili tu. Simu za bei ya chini kabisa, hasa za miaka ya nyuma, nyingine hazijui exFAT. Jaribu na flashi ndogo kwanza kabla ya kufuta diski nzima. Na televisheni za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo waambie wenye nyumba mapema kwamba diski huenda isicheze tena pale sebuleni.

Kufomati, ambako ni kufuta

Hakuna njia ya kugeuza FAT32 kuwa exFAT huku vitu vikibaki ndani. Windows inaweza kugeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta, lakini kama tulivyoona, hiyo haitusaidii. Hivyo kabla ya lolote, kila kilichomo kwenye diski kihamishwe. Kwenye kisa chetu, filamu na mawaidha, karibu GB 330, vilikaa usiku mmoja kwenye kompyuta ya nduguye bi harusi, kisha vikarudishwa.

Kwenye Windows, chomeka diski, fungua `This PC`, bofya diski kwa kitufe cha kulia. Ukichagua `Properties` utaona mbele ya `File system` imeandikwa nini. Kama tayari ni exFAT, huna haja ya kufomati, ruka hatua hii. Kama sivyo, rudi ubofye tena kulia uchague `Format`. Chini ya `File system` weka `exFAT`, `Allocation unit size` iache kwenye `Default`, jina la diski lisizidi herufi 11, acha alama kwenye `Quick Format`, kisha `Start`. Haimalizi dakika.

Wanaopenda kuandika amri, ni hii. Hakikisha herufi ya diski ni yenyewe, maana ukikosea herufi umefuta diski nyingine:

```
format E: /FS:exFAT /Q /V:KUPAMBA
```

Kwenye Mac fungua `Disk Utility`, bonyeza `View` uchague `Show All Devices`, chagua diski yenyewe ile ya juu, si kipande kilicho chini yake, kisha `Erase`. Kwenye `Format` weka `ExFAT`, na kwenye `Scheme` weka `Master Boot Record` kama diski haizidi TB 2. Hapo ndipo wenye Mac hukosea. Mpangilio mwingine huongeza kipande kidogo kilichofichwa, na vifaa vingine vikikiona hicho huchanganyikiwa.

Simu ya Android nayo inaweza kufomati, lakini haikuulizi unataka mfumo gani, inachagua yenyewe. Kama huna kompyuta, nenda saiba yoyote ya karibu, lakini nenda na diski ikiwa tupu, si na video za watu ndani.

Waya na umeme

Diski nyingi za nje zina tundu pana lenye mabega mawili, na waya wake mwisho wa pili ni USB ya kawaida ya mstatili. Simu ina USB-C. Unahitaji ama adapta ya OTG, upande mmoja USB-C ya kuingia kwenye simu na upande wa pili tundu la mstatili, ama waya mmoja unaotoka USB-C moja kwa moja hadi tundu pana. Nikichagua, nachukua waya mmoja, kwa sababu kila kiungio ni mahali pa kulegea. Angalia tu uwe ni waya wa data. Ziko nyaya za USB-C zinazouzwa kwa ajili ya kuchaji pekee, na diski haitaonekana kamwe ukitumia hizo.

Kwenye simu za Oppo, Realme na Vivo, nenda mipangilio utafute `OTG` na uiwashe kwanza. Huzima yenyewe baada ya muda usipoitumia, ndiyo maana diski iliyosomeka asubuhi inaweza kupotea mchana.

Sasa umeme. Diski yenye sahani inayozunguka ndani haina betri. Inanyonya nguvu kwenye simu, na inanyonya zaidi pale inapoanza kuzunguka. Simu nyingine haziwezi kuibeba. Njia ya kujua ni kuweka kiganja juu ya diski na kusikiliza. Ikiwa inapata umeme wa kutosha, utahisi mtetemo mwepesi unaopanda kisha ukatulia, na taa inawaka bila kuzima. Ikiwa haitoshi, utasikia tik, kimya, tik, kimya, taa inawaka na kuzima, na simu inasema diski imeunganishwa halafu imeondolewa, imeunganishwa halafu imeondolewa. Usiiache iendelee hivyo. Kila mara inapojaribu na kushindwa inaumia.

Dawa yake ni habu ya USB-C yenye tundu la kuingizia charja. Charja inailisha diski, na kwenye simu nyingi inaichaji na simu wakati huo huo. Diski za SSD hazina sahani inayozunguka na kwa kawaida zinaridhika na umeme wa simu. Anayefanya kazi hii kila wiki afikirie kuhamia huko. Kama huna habu na diski inazunguka vizuri kwa umeme wa simu, basi betri isiwe chini ya nusu unapoanza, kwa sababu tundu la kuchajia limeshachukuliwa.

Kunakili

Diski ikikubalika, simu itaonyesha arifa juu. Fungua programu ya faili, iwe `Files` ya Google, `My Files` ya Samsung au `File Manager` ya simu nyingine, utaona mahali pameandikwa USB. Ingia humo utengeneze folda yenye jina na tarehe. Usitumie nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina, exFAT haizikubali.

Halafu rudi kwenye hifadhi ya simu, ingia `DCIM`, kisha `Camera`, shikilia faili ya kwanza mpaka iwekewe alama, chagua nyingine, na uchague `Copy`. Si `Move`. `Move` inafuta kwenye simu kila inapomaliza faili, na kitu kikikatika katikati utakuwa umebaki na nusu huku na nusu kule. Video zilizopokewa kwa WhatsApp hazikai kwenye `Camera`, ziko huku:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Wenye iPhone yenye USB-C wafungue picha zao, wachague, wabonyeze kitufe cha kushiriki, kisha `Save to Files`, na kwenye orodha wachague diski. Wachague chache kwa awamu.

Usimwage GB 61 kwa mkupuo. Anza na ile faili kubwa peke yake, kwa sababu ndiyo mtihani: ikipita, mfumo wa diski ni sahihi na umeme unatosha. Kisha zilizobaki kwa mafungu ya GB 10 hivi, ili likikatika fungu moja ujue lipi.

Kuhusu muda, tundu la USB-C halimaanishi kasi kubwa. Simu nyingi za bei ya kati, na hata iPhone 15 ile ya kawaida, zina umbo la USB-C lakini ndani ni USB 2.0, ambayo kwa kweli hutoa kama MB 35 kwa sekunde. GB 61 kwa kasi hiyo ni karibu nusu saa. Ukiona inakwenda MB 10 kwa sekunde, jiandae kwa saa moja na dakika arubaini, na waya wa bei ghali hautabadilisha chochote ikiwa simu yenyewe ndiyo ina USB 2.0.

Muda wote huo acha programu ya faili iwe wazi mbele yako, maana simu nyingine huua kazi zinazoendelea kioo kikizimika. Vua kava, weka simu mezani palipo na feni. Kwa joto letu, simu iliyoko juu ya godoro huku inalisha diski hupata moto na kupunguza mwendo. Na diski itulie. Nimeona watu wakinakili wakiwa wamesimama kwenye feri ya Likoni, simu mkononi na diski inaning'inia kwa waya. Sahani inazunguka na kichwa cha kusomea kiko juu yake kwa umbali usioonekana kwa jicho; kikumbo kimoja cha mwenye mkokoteni kinatosha.

Kuhakikisha

Asilimia mia iliyoonyeshwa na simu haitoshi. Linganisha idadi ya faili, kisha ukubwa wa folda pande zote mbili. Kuwa makini na jambo hili: simu nyingi na Mac huhesabu GB kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024. Ile faili ya GB 6.8 kwenye simu, Windows iliiita GB 6.3, na mwenye nayo alishtuka akidhani imekatwa. Ndiyo sababu hiyo hiyo diski ya TB 1 husomeka GB 931. Linganisha baiti, ambazo `Properties` huziandika kwenye mabano, na usome mstari wa `Size`, si `Size on disk`. Huo wa pili huwa mkubwa zaidi kwa sababu exFAT kwenye diski kubwa hugawa nafasi kwa vipande vya KB 128, na hata ujumbe wa sauti wa KB 10 unachukua kipande kizima.

Kisha fungua video kubwa moja kwa moja kutoka kwenye diski na usukume hadi dakika ya mwisho. Simu kwa kawaida huandika faharasa ya video mwishoni mwa faili, kwa hiyo nakala iliyokatwa mara nyingi haifunguki kabisa, hata kama ina GB 5 zilizo salama ndani yake. Ikifunguka na ikafika mwisho, imeingia.

Kuchomoa

Hapa exFAT ni dhaifu kuliko NTFS. Haiweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea, kwa hiyo ukichomoa waya wakati daftari linaandikwa, hakuna cha kulirudisha lilipokuwa. Vuta arifa chini ubonyeze `Eject`, au `Unmount` kwenye simu nyingine, ngoja ujumbe, ndipo uchomoe. iPhone haina kitufe hicho. Maliza kunakili, funga programu, subiri taa ya diski iache kumetameta. Ikitokea umeme wa habu umekatika katikati, usiendelee kuandika juu yake. Ipeleke kwenye Windows kwanza:

```
chkdsk E: /f
```

Baada ya hapo rudia kunakili fungu lililokatika, si yote.

Kusafisha simu

Mamake bi harusi aliniambia, "Mwanangu, vitu vyote viwe kwenye hiki kidude, na kwenye simu kisibaki hata kimoja." Kwa video za kupamba, ambako wanawake wamevua mabuibui, ombi hilo linasikika kila mara, na exFAT yenyewe haiwasaidii. Haina nenosiri wala ruhusa za mtumiaji. Yeyote atakayechomeka diski ataona kila kitu. Ndiyo maana diski ya namna hiyo inakaa kabatini mwa mwenyewe, na haipelekwi kwa fundi ikiwa na kitu ndani. Kumbuka pia kwamba `Quick Format` inafuta daftari tu, video zenyewe bado zipo na zinaweza kurudishwa. Kabla ya kuiuza au kuigawa diski, fomati tena bila alama ya `Quick Format` na uiache imalize, hata ikichukua saa kadhaa.

Kwenye simu, kabla ya kufuta, tazama kama Google Photos ina `Backup` iliyowashwa, kwa sababu huenda zilishapanda mtandaoni usiku ule ule simu ilipokuwa kwenye waifai, na kuzifuta huko ni kazi nyingine. Ukishafuta kwenye simu, utashangaa nafasi haijaongezeka. Faili zimeingia kwenye `Trash`, ambako kwenye simu nyingi hukaa siku 30. Fungua hiyo `Trash`, au `Recently Deleted` kwa iPhone, uifute na yenyewe.